Kichurachura Jumatatu, kilio Jumatano

Leo tuongelee yale maumivu ya mazoezi ambayo hayaji siku ya mazoezi. Mshikaji anaruka kichurachura Jumatatu jioni, anarudi home freshi, anakula ugali wake na kulala. Jumanne asubuhi anasikia mapaja mazito. Jumatano ndiyo usiseme! Kukaa kwenye kiti ni mtihani, kushuka ngazi mpaka ashike ukuta. Ikifika Jumamosi au Jumapili, maumivu yamekwisha bila dawa.

Masela wengi mtaani watakwambia hiyo ni asidi iliyoganda kwenye msuli. Hapana bwana. Ukikimbia mbio kali, asidi ya laktiki inaongezeka kweli kwenye damu, lakini ukipumzika saa moja hivi inakuwa imerudi kawaida. Sasa itakuumizaje Jumatano wakati iliondoka Jumatatu ile ile? Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwakimbiza watu dakika 45 kwenye mashine, safari moja tambarare na nyingine mteremko. Kwenye tambarare asidi ilipanda, maumivu hayakuja. Kwenye mteremko asidi haikupanda, lakini siku zilizofuata watu waliugulia miguu.

Siri iko hapo kwenye mteremko. Chukua ghorofa lenye lifti na vijana wawili. Wa kwanza anapanda kwa miguu, anashuka kwa lifti. Wa pili anapanda kwa lifti, anashuka kwa miguu. Wakirudia mara kumi, yule wa kwanza ndiye atakayehema na kulowa jasho. Wa pili atamcheka. Lakini keshokutwa anayelia ni yule aliyekuwa anacheka.

Kwa nini? Unapopanda, msuli wa paja unajikunja na kukusukuma juu. Unapokanyaga ngazi ya chini, msuli huo unafanya kazi ya breki: unakaza kukuzuia usianguke, na hapo hapo uzito wako unauvuta urefuke. Ni kama lori la mzigo linaloshuka Kitonga, breki ndizo zinazopata joto. Kichurachura kinaumiza kwa sababu hiyo hiyo, kila ukitua msuli unafunga breki.

Tangu mwaka 1902, Mmarekani Theodore Hough alishasema huenda ni michubuko midogo ndani ya msuli. Mwaka 1981 watafiti wa Uswidi walichukua vipande vidogo vya msuli wa watu walioshushwa ngazi, wakavitazama kwa darubini kali. Waliona mistari inayoshikilia nyuzi za msuli imevurugika. Ila mchubuko peke yake si jibu lote, maana ukubwa wa maumivu mara nyingi haulingani na ukubwa wa uharibifu. Baada ya mchubuko mwili hupeleka maji na kemikali za ukarabati, na hizo ndizo zinazofanya mishipa ya fahamu iwe na hasira hata kwa kuguswa tu. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, ndiyo maana maumivu hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Sasa utamu wake. Mshikaji wetu akirudia kichurachura kile kile wiki mbili baadaye, maumivu yatakuwa kidogo sana. Msuli umejifunza. Inaonekana ubongo unagawa kazi kwa nyuzi nyingi zaidi, nyama inayofunga nyuzi inakuwa imara, na ukarabati hauji tena kwa fujo. Wataalamu bado wanabishana kipi kina uzito zaidi. Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, hata miezi, kisha huisha ukikaa bure. Tena ni ya msuli ule ule tu: winga mwenye mapaja ya chuma akianza kupiga pushapu, kifua kitamlilia kama mgeni yeyote.

Habari njema ni kwamba hata dozi ndogo inaleta kinga. Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, siku ya kwanza ruka 10 tu, uache ukiwa bado unataka. Wiki ijayo 20, halafu 30. Ukiwa na maumivu, tembea taratibu, utasikia nafuu ya muda.

Ila kuwa macho. Msuli ukivimba sana, mguu ukakosa nguvu, au mkojo ukawa wa rangi ya kahawia kama soda nyeusi, hiyo siyo kawaida. Msuli unavunjika na uchafu wake unaweza kuziba figo. Usisubiri Jumapili, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na ngazi, shuka mdogo mdogo!