Wa Tatu Ni Mmeru, Tena?

"Kulikuwa na Mkikuyu, Mjaluo na Mmeru." Simama hapo hapo. Hujaambiwa walikuwa wapi wala walikuwa wanatafuta nini, na tayari unajua nani atapandwa na hasira na kuulizia panga. Unajua lafudhi itakayofuata. Kama umewahi kulipia kiti kwa onyesho la vichekesho hapa Nairobi, unajua hata shavu gani litafura kwa miraa ya kujifanya. Ndiyo maana nasema kichekesho hicho kimekufa. Si kwa sababu watu wa Meru tumekasirika (tukikasirika si mtasema mlijua?). Kimekufa kwa kanuni ya vichekesho vyenyewe, ile ile ambayo kila mchekeshaji huapa nayo: kanuni ya tatu.

Kanuni hiyo ni rahisi kuieleza na ngumu kuitii. Unataja kitu cha kwanza, unataja cha pili kinachofanana nacho, halafu cha tatu kinatoka njia. Kwa nini tatu? Kwa sababu kitu kimoja ni tukio tu, hakina mwelekeo. Viwili vinachora mstari, na msikilizaji, bila kuombwa, anaanza kuuendeleza kichwani mpaka pale anapodhani cha tatu kitatua. Kicheko kinakaa kwenye umbali kati ya pale alipofika yeye na pale ulipompeleka wewe. Ukivunja kwenye cha pili hujavunja chochote, maana mstari haukuwepo. Ukingoja mpaka cha nne, cha tatu kimeshamthibitishia kwamba mstari ni mnyoofu, na sasa amechoka, ama ameanza kushuku.

Fikiria wasee wakisukuma matatu iliyokwama kwenye matope baada ya mvua. Mmoja anahesabu: moja, mbili... Kwenye "mbili" migongo yote imeinama, mikono iko kwenye bati, pumzi imeshikwa. Kwenye "tatu" wanasukuma. Mchekeshaji anahesabu vile vile, anawainamisha watu vile vile, halafu kwenye "tatu" anaondoa gari. Lakini ona jambo moja: wale watu walisukuma kwa sababu waliamini gari lipo. Wakijua mapema kwamba litaondolewa, hakuna atakayeinama.

Sasa cheka na hili. Kaunti mbili zinazofanywa kichekesho cha bei rahisi zimeitii kanuni ya tatu kuliko wachekeshaji wenyewe. Anza na Embu. Februari 2014 Seneti ilikubali kumwondoa Martin Wambora, gavana wa kwanza Kenya kufikishwa hapo. Mahakama ikamrudisha. Bunge la kaunti likamtimua tena, na Mei mwaka huo huo Seneti ikakubali tena. Amri za mahakama zikamweka ofisini. Katimuliwa mara moja, katimuliwa mara mbili. Ya tatu ikawa Agosti 2017, na safari hii walioulizwa ni wananchi. Wakampigia kura akashinda.

Panda barabara ya kwenda Runyenjes, pitia Chuka, ufike Meru. Desemba 2022 bunge la kaunti lilimwondoa Gavana Kawira Mwangaza, ambaye alikuwa na miezi minne tu kwenye kiti. Seneti ikamwokoa. Mwaka 2023 wakamwondoa tena, na Novemba Seneti ikamwokoa tena. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshachora mstari: Meru wanamtoa, Seneti inamrudisha, ni mchezo wao. Agosti 2024 wakarudi mara ya tatu, na Seneti ikasema aende. Alipata amri ya mahakama ya kumweka kwa muda, lakini Machi 2025 Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake na naibu wake akaapishwa.

Ziweke pamoja. Embu: nje, nje, ndani. Meru: ndani, ndani, nje. Majirani wawili, umbo moja, mielekeo miwili. Hakuna mtu aliyeandika hayo ili ucheke, na kwa waliosubiri barabara na dawa hospitalini hayakuwa na utani wowote. Lakini umbo limekamilika. Ya tatu inavunja kwa sababu mbili za kwanza zilikuwa nzito na za kweli, na inavunja ndani ya jambo lile lile: gavana, kiti, kura. Hilo la mwisho husahaulika. Cha tatu lazima kiwe ndugu wa viwili vya kwanza. Ukisema "Seneti ikamwokoa, Seneti ikamwokoa, halafu ndizi", huo si uvunjaji, ni kelele.

Mwaka huo wa 2024, na mali yote hiyo mezani, nilisikia nini majukwaani? "Wameru wamekasirikia gavana." Lafudhi. Shavu. Panga. Makofi.

Turudi kwa yule Mmeru wa tatu. Kiti cha tatu ni cha kuvunja, lakini yeye amekikalia miaka mingi kiasi kwamba yeye ndiye mstari wenyewe. Mkikuyu anataja pesa, Mjaluo anataja Kizungu na suti, Mmeru anakasirika. Kila mmoja anafanya kile kile tulichomtuma kufanya. Ukitazama vizuri, hapo hakuna moja, mbili na kuvunjika. Kuna moja, mbili, tatu, zote zimenyooka kama nyaya za stima.

Najua jibu: "Lakini watu wanacheka, buda." Kweli wanacheka. Sasa sikiliza wanacheka lini. Chukua klipu yoyote kwenye simu yako, funga macho, usikilize kicheko kinaangukia neno gani. Kwenye kichekesho kilichovunja, kicheko huja baada ya neno la mwisho, na mara nyingi kuna kimya kidogo sana kabla yake, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Kwenye kichekesho cha Mmeru, kicheko huanza kwenye neno "Mmeru". Mchekeshaji bado hajasema kitu. Watu wanamshangilia mtu wanayemfahamu, vile unavyoshangilia wimbo unaoujua ukianza. Si dhambi kufurahia wimbo, ila usiniambie umenishtua.

Hasara yake naiona kwa vijana wa kwetu. Televisheni yetu, kuanzia Vitimbi mpaka Churchill Show, imependa sana lafudhi, na kuna waliozitumia kwa ustadi mkubwa. Lakini kijana wa Maua au wa Runyenjes akishika maikrofoni Nairobi leo, anatarajiwa kuanza na ulimi wa nyanyake. Asipofanya hivyo, wanamuuliza kama kweli ni wa huko. Yule wa Embu ana shida zaidi: anapewa miraa ya Meru ashike, wakati kwao Mbeere kinachopandwa ni muguka, yale majani laini, si vijiti vya kufungwa kwa majani ya mgomba. Mchekeshaji asiyejua tofauti ya miraa na muguka atavunja nini huko, na mstari haujui?

Basi nionyeshe kwa kazi, isiwe ni kulalamika tu. Mambo ya kweli ni haya. Uholanzi ilipiga miraa marufuku, na Uingereza ikafuata Juni 2014. Meru iliumia sana. Miaka kumi baadaye, Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakapiga muguka marufuku, na wakulima wa Embu wakashtuka, mpaka Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha amri hizo kwa muda. Sasa mpe maikrofoni mtu wa Meru, amchokoze jirani yake:

"Sisi Wameru tumekatazwa Uholanzi. Tumekatazwa Uingereza. Jirani yangu wa Embu naye hakutaka kuachwa nyuma. Amekatazwa... Mariakani."

Tazama kinachofanyika. Uholanzi na Uingereza zinachora mstari: ng'ambo, nchi za baridi, visa. Sentensi ya "hakutaka kuachwa nyuma" inaongeza matarajio bila kutoa siri. Halafu mdomo unaanza "Mar..." na sikio la msikilizaji limeshakimbilia Marekani, kwa sababu ndiko mstari unakoelekea. Linatua kwenye mizani ya malori, Kaunti ya Kilifi, ndani ya Kenya, bila hata pasipoti. Cha tatu ni ndugu wa viwili vya kwanza: ni mahali, ni marufuku, hata sauti inafanana. Ni kipimo tu kilichoporomoka. Na anayechekwa hapo si Mmeru mwenye hasira, ni majivuno ya majirani wawili wanaoshindana nani amekataliwa na wakubwa zaidi.

Neno "Mariakani" lazima liwe la mwisho. Kiswahili kina mtego wake hapa, maana viambishi hutangulia na kutoboa siri. Ukisema "kule alikokatazwa jirani yangu ni hapa hapa, Mariakani", lile "hapa hapa" limefika kabla yako. Marekani haiwezi kuwa hapa hapa. Ukiwa na orodha ya vitu na cha tatu ni mtu, ukitanguliza "na yule", watu washajua kwamba kuna mtu anakuja. Acha kitenzi kilichobeba viwili vya kwanza kibebe na cha tatu bila kubadilika. Katazwa, katazwa, katazwa. Kinachobadilika kiwe kimoja tu.

Kituo kifupi kinakuja kabla ya neno. Baada ya neno, nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaona kicheko kimechelewa nusu sekunde, wanaogopa, wanaongeza cha nne. "Amekatazwa Mariakani, akakasirika akatoa panga!" Umesikia? Tumerudi kwa lafudhi na shavu. Kile kicheko kilichokuwa njiani kimekanyagwa, na sasa watu wanacheka kwa mazoea.

Kuna swali la haki ambalo mtu wa Kisumu au Kitengela anaweza kuuliza: je, asiyejua Mariakani ni wapi? Hatacheka, na kosa halitakuwa lake. Hiyo kazi inafanywa mapema, dakika mbili kabla, kwenye kisa kingine kabisa: dereva wa lori amelala kwenye foleni ya mizani ya Mariakani mpaka nyanya zikageuka mchuzi. Acha wacheke hilo, uende kwa mambo mengine. Neno liko chumbani sasa, limekaa kimya kwenye kiti cha nyuma, na hakuna anayekumbuka ulilileta wewe.