Ndege ya dhahabu au ndege wa dhahabu?

Miaka mingi nilitafuta jina la katuni ya utotoni. Niliwaambia wenzangu: "Ni ile yenye ndege ya dhahabu." Wakanitajia filamu za marubani, kwani "ya" iliwapeleka kwenye avio. Nikasema "ndege wa dhahabu", wakanitajia hadithi za wanyama. Kumbe ni vyote viwili: mashine yenye umbo la kondori, inayoruka kwa nguvu ya jua. Nilipoeleza hivyo, nikaongeza watoto watatu, merikebu ya Wahispania na nchi ya Wainka, mkubwa wangu akajibu papo hapo: Les Mystérieuses Cités d'or, ya 1982. Kwa maoni yangu, anayetafuta jina asitegemee neno moja. Aeleze kitu kinavyofanya kazi, na wapi.