Lita moja na nusu au lita elfu moja na mia tano?

Na Edina Mligo

Mnunuzi wa maparachichi aliyeko Uholanzi huandika kilo elfu ishirini na moja, mia moja na ishirini hivi: 21.120 kg. Karani wa ghala la Makambako, aliyesoma hesabu kama tulivyosoma sisi sote, ataona kilo ishirini na moja na gramu kidogo. Waholanzi, Wajerumani na Waitaliano hutenga maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato. Sisi tulichukua utaratibu wa Waingereza, nao ni kinyume cha huo.

Kosa la kilo halinitishi sana, maana hujifichua lenyewe. Kontena la ubaridi lenye paleti 20, kila paleti ikiwa na boksi 264 za kilo nne, linabeba kilo 21,120. Hakuna anayekodi kontena zima kwa kilo ishirini na moja, hivyo karani atashtuka na kuuliza.

Ninayoiogopa ni namba inayoingia akilini kwa njia zote mbili. Tuchukue maelekezo ya kupulizia dawa ya ukungu, yaliyotafsiriwa kutoka Kijerumani na kutumwa kwa kikundi cha wakulima Njombe: "Tumia 1,500 l/ha." Mwandishi alimaanisha lita moja na nusu ya dawa kwa hekta. Msomaji wa Njombe anaona lita elfu moja na mia tano, na kwa kuwa miti mikubwa ya parachichi inaweza kuhitaji maji kiasi hicho kwa hekta, hashtuki. Anaamini amepewa kipimo cha maji. Kipimo cha dawa hakioni popote, kwa hiyo anatumia kile alichozoea kwa dawa ya msimu uliopita. Akizidisha, mabaki yatabaki kwenye tunda. Kwa kiuatilifu kisichowekewa kikomo chake maalumu, Umoja wa Ulaya hukubali miligramu 0.01 tu kwa kilo. Shehena inaweza kukataliwa huko bandarini, na mkulima asijue kamwe kwamba chanzo kilikuwa mkato.

Tatizo hapa ni tarakimu tatu baada ya alama. Ingeandikwa 1,5 au 1,50, mtu angetambua kuwa ni desimali, kwa sababu maelfu hayatengwi kwa tarakimu moja wala mbili. Inapoanza na sifuri, kama 0,150, pia haina utata. Namba ikiwa na alama mbili tofauti, kama 1.250,50, ile ya mwisho ndiyo ya desimali. Alama moja ikijirudia, kama 1.250.000, ni maelfu. Tarakimu tatu zikibaki peke yake baada ya alama moja, kutazama tu hakutoshi. Ni lazima uulize.

Anayetafsiri mara nyingi hugeuza maneno na kuacha tarakimu zilivyo. Hilo lina nafuu, kwani barua nzima inabaki na mtindo mmoja na namba moja iliyo wazi itafafanua nyingine. Kibaya zaidi ni kubadilisha bei na kusahau vipimo. Hapo barua inakuwa na mitindo miwili, na hata msomaji makini hana pa kushika. Vilevile, ukinakili 21.120 kwenye Excel iliyowekwa kwa mtindo wetu, itaonyesha 21.12. Sifuri ya mwisho ikitoweka hivyo, rudi kwenye barua ya asili.

Alama za kunukuu nazo zina hatari yake. Wafaransa na Waitaliano hutumia « », Wajerumani huanza kwa „ iliyo chini ya mstari, nayo ikiharibika njiani huonekana kama mikato miwili. Mtafsiri akiona uchafu huo huufuta. Basi mnunuzi aliyeandika: Wakala amesema: «Tutalipa gharama za ukaguzi», anasomeka huku: Wakala amesema tutalipa gharama za ukaguzi. Katika barua ya kwanza analipa wakala. Katika ya pili anaonekana kulipa mnunuzi mwenyewe, na kikundi kitamdai yeye.

Kwa maoni yangu, ghala na vikundi vyetu visipokee tafsiri isiyoambatana na barua ya asili, na mtafsiri asiguse tarakimu bila kusema juu kabisa ni mtindo gani ametumia. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003 ulikubali nukta na mkato vyote kwa desimali, lakini ukasisitiza kuwa maelfu yakitengwa, yatengwe kwa nafasi tupu: 21 120. Kipimo cha dawa kiandikwe kwa mililita, 1500 ml kwa hekta, ili desimali isihitajike kabisa. Na tunapowatajia wanunuzi wa nje bei, tuandike TZS 850 000 badala ya 850,000/=, kwa kuwa mgeni hajui ile /= inafanya nini pale.