Namba ya siri ikifungwa, wakala atauliza laini ni ya nani

Wafanyabiashara wengi wa Muyinga hutembea na laini mbili: moja ya Burundi yenye Lumicash au EcoCash, nyingine ya Tanzania ya kumlipa mwenye mchele au mafuta ng'ambo ya Kobero. Ya kwanza husajiliwa kwa karangamuntu ya mwenyewe. Ya pili mara nyingi ina jina la mtu mwingine: kijana wa Kabanga, mteja wa zamani au shemeji. Miezi inapita, pesa zinaingia na kutoka, hakuna anayelifikiria jina hilo. Siku namba ya siri ikisahaulika, jina hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Kwa kawaida ukikosea mara 3, mtandao hufunga namba ya siri. Fedha hazipotei, zinabaki kwenye akaunti, ila huwezi kutuma wala kutoa. Kwa hiyo ukishakosea mara 2 na huna uhakika, acha kubahatisha. Soma pia ujumbe ulio kwenye simu. Ukidaiwa PUK, kilichofungwa ni kadi ya simu, si pochi ya pesa. Tarakimu hizo huandikwa kwenye kibao cha plastiki ulichopewa pamoja na laini, na ukizikosea mara 10 kadi hiyo imekufa.

Tuseme mama mmoja yuko sokoni Gitega, laini yake ya Tanzania ina shilingi 600,000, na namba ya siri imefungwa. Anakimbilia kibanda cha jirani. Wakala yule anahudumia mtandao wa Burundi, na laini ya nchi nyingine hana njia ya kuigusa. Mama anapanda gari hadi Muyinga, anavuka Kobero, anamkuta wakala wa mtandao wenyewe pale Kabanga. Naye hamsaidii sana. Wakala wa meza na mwavuli anaweka na kutoa pesa, lakini namba yako ya siri haioni, na kwa kawaida hana ruhusa ya kuifungua. Kazi hiyo ni ya duka la kampuni au ya huduma kwa wateja, ambayo Tanzania hupigiwa 100.

Huko dukani watataka simu yenye laini hiyo, ikiwa imewashwa, kwa sababu ujumbe wa kuweka namba mpya utaingia humo. Watataka kitambulisho halisi kilichotumika kusajili. Picha iliyopigwa kwa simu haitoshi. Kisha huja maswali: salio ni kama kiasi gani, mara ya mwisho ulimtumia nani, shilingi ngapi. Mama atayajibu yote vizuri, maana biashara ni yake. Lakini laini ina jina la kijana, na Tanzania laini ya raia husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Kidole cha mama si cha kijana. Kama kijana amehamia Mwanza, shilingi 600,000 zinamsubiri yeye. Akiwa na roho mbaya, anaweza kwenda dukani kihalali kabisa, akapewa namba mpya na kuzitoa zote.

Wapo wanaotaka kampuni zilegeze masharti haya kwa watu wa mipakani. Mimi sikubali. Mlango unaomrudishia mama pesa zake ndio huohuo mwizi anaoupitia akija na kitambulisho cha kuazima. Ninachokidai ni kingine. Tanzania, mgeni husajili laini kwa pasipoti, na wachuuzi wengi wanaovuka Kobero kila wiki hawana pasipoti, wanavuka kwa karatasi ya muda. Kama karatasi hiyo inatosha kumvusha na magunia yake, nchi zetu zikubaliane hati gani ya mchuuzi mdogo itamsajilia laini kwa jina lake. Na kituo cha Kobero na Kabanga kiwe na dawati la kampuni za simu lenye mamlaka ya kufungua namba ya siri. Wakala wa kawaida hatoshi.

Kwa sasa, aliye na laini ya jina la mwingine apunguze salio lake kila jioni, na mwenye jina akiwa bado karibu waende naye dukani kuulizia kuibadilisha umiliki. Kwenye laini ya Burundi, linganisha tahajia ya jina kwenye karangamuntu na ile inayotokea mtu anapokutumia pesa. Herufi moja ikitofautiana, irekebishe mapema, kabla hujafungiwa.

Mtu yeyote akikuuliza namba ya siri yenyewe, hata akiwa amevaa fulana ya kampuni, ondoka. Mhudumu wa kweli hukuomba kitambulisho, kisha hukupa simu uandike namba mpya mwenyewe.