Kabla hujatia sahihi fomu ya Sacco

Vijana wa Majengo, Eastleigh, Kayole na Dandora.

Karibu kila mmoja wetu yuko kwenye Sacco au ana ndugu aliye ndani. Makanga yuko kwa ile ya matatu, mwalimu kwa ya walimu, mama ana yake ya sokoni. Lakini uliza pesa inazunguka vipi, wengi watakwambia tu, "Unaweka, unapata mkopo mara tatu." Leo tufungue hiyo hesabu.

Chukua kijana anayeweka shilingi 2,000 kila mwezi. Baada ya miezi 20 ana akiba ya 40,000. Hiyo si kama pesa ya M-Pesa. Katika Sacco nyingi huitoi ukitaka, unaipata ukijiondoa uanachama. Kwa nini? Kwa sababu akiba hiyo imeshakopeshwa mwanachama mwingine, na kesho itakuwa dhamana ya mkopo wako.

Sasa anataka kununua boda. Kwa kanuni ya mara tatu anapata 120,000. Akiba yake inalinda 40,000 tu, kwa hivyo 80,000 zilizobaki zinalindwa na wadhamini, tuseme wanne, kila mmoja 20,000. Akikwama, Sacco inakata akiba yake kwanza, kisha inaingia kwa akiba ya wadhamini. Ndugu yangu, ukimtilia rafiki sahihi hapo, umeweka pesa yako mwenyewe rehani, na mara nyingi huwezi kujiondoa hadi deni liishe au apatikane mdhamini mwingine.

Riba je? Kiwango cha kawaida ni asilimia 1 kwa mwezi ya deni lililobaki. Akilipa 10,000 ya deni kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 1,200, wa pili 1,100, hadi wa mwisho 100. Jumla kwa mwaka ni 7,800. Lakini kuna wanaosema "asilimia 12 kwa mwaka" na kuipiga kwa mkopo wote hata kama ushalipa nusu. Hapo unalipa 14,400. Asilimia ni ile ile, lakini malipo karibu mara mbili! Uliza: inahesabiwa kwa deni lililobaki au kwa mkopo wa mwanzo?

Na hizo 7,800 zinaenda wapi? Zinalipa gharama za ofisi, nyingine zinawekwa kama hazina, na zinazobaki zinarudi kwa wanachama mwisho wa mwaka: gawio kwa hisa, na riba kwa akiba. Ndio maana Sacco ni nafuu kuliko mikopo ya simu. Faida inabaki kwa wanachama.

Lakini hapa ndipo Muislamu anakwama. Suratul Baqara aya ya 275 imetenganisha biashara na riba, na neno lililo kwenye fomu ni hilo hilo. Hata usipokopa, ile nyongeza ya akiba yako imetoka kwa riba ya mwenzako. Wengine wetu tunafumba macho, wengine tunakaa nje na kukosa mtaji.

Njia ya tatu ipo. Crescent Takaful Sacco ya hapa Nairobi inafanya kazi kwa misingi ya sharia. Katika murabaha, Sacco inanunua boda yenyewe kwa 120,000, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa, tuseme, 132,000, unalipa 11,000 kila mwezi. Tusidanganyane: hapo faida yao ni 12,000, zaidi ya zile 7,800. Tofauti ni kwamba umenunua kitu, bei ilikubaliwa siku ya kwanza, na ukichelewa deni halizai. Wewe uliyeweka akiba unapata sehemu ya faida ikipatikana, huahidiwi asilimia. Lakini wakikutumia pesa taslimu na kuiita murabaha, hawajanunua wala kukuuzia chochote. Huo ni mkopo wa riba uliovalishwa kanzu.

Basi fanya mawili. Kwanza, kabla ya kujiunga angalia kama Sacco iko kwenye orodha ambayo SASRA hutoa kila mwaka. Sacco ndogo sana huenda zisiwepo, na hizo ukiingia, ujue hakuna jicho la SASRA juu yake. Pili, kama ya kazini kwako ina riba tu, nenda mkutano mkuu wa mwaka. Katika ushirika, mwenye akiba ya milioni na mwenye 5,000 wote wana kura moja. Nendeni pamoja, mpeleke pendekezo mapema kwa maandishi: dirisha la murabaha, na hesabu zake zisichanganywe na za riba. Akiba zetu tayari zinaendesha Sacco hizi. Kudai zitumike kwa njia ya halali si kuomba msaada, ni haki ya mwanachama.

Wabillahi tawfiq.