Siku Sitini ni Mkopo, Tuuite Hivyo

Leo naandika kwa hasira kidogo, mtanisamehe. Sisi waandishi wa kujitegemea tuna ugonjwa mmoja mbaya: tunaona aibu kutaja fedha. Mteja tutajadiliana naye mada, urefu wa kazi, tarehe ya kukabidhi, hata rangi ya maandishi yatakayopita chini ya picha. Tukifika kwenye malipo tunajikuna kichwa na kusema "haina shida". Jamani, ina shida! Na wateja wakubwa wanaijua aibu yetu hiyo, ndiyo maana siku hizi kila rasimu ya mkataba inayonifikia ina kifungu kilekile: malipo yatafanyika siku 60 baada ya kazi kukabidhiwa.

Wenyewe wanakiita utaratibu. Mimi nasema ni mkopo usio na riba, ambao mtu mwenye ofisi ya ghorofa nne anamkopa mtu mwenye kompyuta moja ya mkononi. Kama mnaona natia chumvi, tufanye hesabu pamoja.

Kampuni moja (jina nalihifadhi) ilinitaka niwatengenezee filamu ya dakika 8 kuhusu visima walivyochimba vijiji vya Kilosa. Bei tulishakubaliana, Sh 4,800,000. Siku 5 za kupiga picha, kisha uhariri, wiki 3 kwa jumla. Kwenye bei hiyo gharama zangu za mfukoni zilikuwa hivi: gari, mafuta na dereva Sh 1,000,000, malazi na chakula cha watu watatu Sh 450,000, mpiga picha na kamera yake Sh 750,000, mhariri Sh 400,000. Jumla Sh 2,600,000, na zote hizo zinatoka kabla mteja hajaona hata sekunde moja ya filamu. Mwenye gari wa Morogoro hataki kusikia habari ya siku sitini. Anataka chake kabla ya kuwasha injini, na ana haki.

Hiyo milioni mbili na ushei naitoa wapi? Kwenye kikundi chetu cha kukopeshana, asilimia 5 kwa mwezi, na hapo nashukuru Mungu, maana wenzangu wasio na kikundi wanaangukia kwenye mikopo ya "kausha damu" na jina lake linajieleza. Riba yangu ni Sh 130,000 kila mwezi unaopita.

Sasa miezi ni mingapi? Hapa ndipo ujanja ulipo, na ndipo wengi wetu tunapopigwa. Mtu akisikia siku 60 anadhani ni miezi miwili. Siyo! Kwanza kuna wiki 3 za kazi ambazo fedha yangu tayari iko nje. Kisha "kukabidhiwa" kwa lugha yao si siku niliyotuma faili, ni siku bosi aliyesafiri amerudi, ameitazama, amesema ile sehemu ya mwenyekiti wa kijiji ifupishwe, ameitazama tena na kuweka saini. Weka wiki 2. Baada ya saini ndipo ankara yangu inapokelewa uhasibu na kugongwa muhuri, na siku 60 zinaanza hapo. Zikiisha, wanalipa kwa mafungu, mara mbili tu kwa mwezi. Ukikosa fungu la katikati unasubiri la mwisho. Jumlisha mwenyewe: miezi mitatu na nusu tangu nilipomlipa mwenye gari. Riba Sh 455,000.

Faida yangu kwenye kazi nzima ilikuwa Sh 2,200,000. Kwa hiyo kifungu kile cha mstari mmoja kilikuwa kinakula moja ya tano ya jasho langu, kimya kimya, bila mtu yeyote kusema bei imepunguzwa. (Bado hapo hawajakata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Hiyo siilalamikii, inakwenda TRA kwa jina langu, ila cheti chake kidai siku hiyohiyo ya malipo, maana ukikifuata miezi sita baadaye utaambiwa aliyekuwa akishughulika amehama.)

Nikampigia kaka wa mawasiliano, yule aliyenipa kazi. Mtu mwema sana, lakini hana uwezo wowote kwenye suala la malipo. Wengi wanahangaika na mtu huyu wiki nzima. Muombe akuunganishe na afisa manunuzi, ndiye anayejua kipi kinapindika na kipi hakipindiki. Wangu alikuwa dada mmoja mkavu kweli.

"Mdogo wangu, huo ndio utaratibu wetu kwa wazabuni wote."

Sikubishana na utaratibu wake. Nilimwambia, "Sawa dada, basi nitakuletea bei mbili, mchague." Nikamtumia: kwa siku 60, Sh 5,300,000, kwa siku 30, ileile Sh 4,800,000. Akapiga simu ndani ya saa moja. Mbona imepanda? Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, kikundi, asilimia 5, miezi mitatu na nusu. Hakucheka. Akasema bei ya juu haipitiki kwani bajeti imeshasainiwa, siku 30 mkurugenzi wa fedha hazikubali, na malipo ya awali hawatoi kabisa kwa mzabuni mpya.

Nikamuuliza swali ambalo naliona ndilo muhimu kuliko yote kwenye mazungumzo ya namna hii: "Dada, ni kitu gani mnaweza kukilipia haraka?"

Ikawa wana magari yao. Wana dereva. Wana hoteli ambayo wafanyakazi wao wanalala kwa mkataba wanapokwenda mikoani. Yaani yale mambo yaliyokuwa yananikopesha mimi kikundini, wao walikuwa nayo tayari na hayakuwagharimu hata karatasi mpya! Nikatoa gari na malazi kwenye bei, Sh 1,450,000, ikabaki Sh 3,350,000. Gharama zangu zikabaki mpiga picha na mhariri, Sh 1,150,000.

Hatua ya pili ilihusu neno "kukabidhi". Wao hulipa baada ya kupokea kitu, vizuri, basi nitakabidhi mara mbili. Mkataba ukaandikwa kwamba kitu cha kwanza kinachokabidhiwa ni mswada na mpango wa upigaji picha, ambao una thamani ya asilimia 40, na kwamba safari ya Kilosa inapangiwa tarehe baada ya fedha hiyo kuingia. Asilimia 40 ni Sh 1,340,000. Ukiondoa kodi ya zuio inabaki Sh 1,273,000, inawatosha mpiga picha na mhariri na chenji kidogo. Angalieni, hayo si malipo ya awali. Ni malipo ya kazi iliyokwisha kupokelewa, na mhasibu wao hakuwa na kifungu cha kuyakatalia. Na kwa kuwa kila siku ya kuchelewa ilisogeza safari yao wenyewe, hazikupita hata siku 10.

Mwisho tukaongelea saa inaanza kuhesabu lini. Kifungu kikasomeka kwamba siku zinahesabiwa kuanzia siku ninayotuma faili pamoja na ankara, na kwamba ukimya wa siku 5 za kazi baada ya kupokea ni kukubali. Masahihisho raundi moja, ya pili inalipiwa. Kwa salio la Sh 2,010,000 niliomba siku 30, wakanipa 45. Riba ya kuchelewesha waliikataa katakata, nikaiacha, kwa sababu mimi na ninyi tunajua hakuna mwandishi atakayemfungulia mteja kesi kwa riba ya wiki mbili. Badala yake niliweka kwamba haki ya kuitumia filamu hadharani inahamia kwao salio likishalipwa lote. Hilo linauma zaidi, maana mtu mwenye uzinduzi Ijumaa hataki kwenda kwenye jukwaa na filamu ambayo bado si yake.

Siku 45 si ushindi wa kupiga vigelegele. Lakini fedha niliyokuwa naisubiri hapo ilikuwa faida yangu tu, si deni la kikundi. Sh 2,200,000 yangu ilibaki Sh 2,200,000, na wao walilipa ileile waliyokuwa wamepanga.

Najua hoja itakayokuja, nimeshaisikia: nao pia wanasubiri, fedha ya mfadhili haijaingia, na mwandishi anayeleta ukorofi hapewi kazi tena. Kuhusu mfadhili, sawa, inatokea. Lakini kampuni yenye akaunti ya benki, hesabu zilizokaguliwa na dhamana inaweza kupata mkopo wa muda mfupi kwa riba ndogo kuliko kikundi cha mtaani. Kama ni lazima mmoja wetu akope, kwa nini akope yule ambaye kwake fedha ni ghali zaidi? Wenzetu waliliona hili zamani. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1998 inayompa mdai riba ya asilimia 8 juu ya ile ya Benki Kuu, na pasipo makubaliano muda ni siku 30. Jiji la New York tangu mwaka 2017 linamtaka anayempa kazi mtu wa kujitegemea amlipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika kama mkataba hautaji tarehe. Kwetu Sheria ya Mikataba inaheshimu mlichosaini, na ukisaini sitini, umesaini sitini.

Kuhusu ukorofi: dada yule hajawahi kuniita mkorofi. Waliokasirika walikuwa waandishi wenzangu wawili nilipowasimulia. "Unatuharibia soko." Soko gani hilo, la kukopesha?

Nakiri kuna mahali njia hii haifiki. Kuna makampuni ambayo malipo yanatoka kwenye mfumo uliopangwa makao makuu nje ya nchi, na afisa manunuzi wa hapa hawezi kubadili tarakimu hata akitaka. Dalili yake ni kwamba hata swali la "mnaweza kulipia nini haraka" linajibiwa kwa kutumiwa fomu. Hapo jaza fomu ya usajili wa mzabuni mapema, na TIN na barua ya benki, kabla hujaanza kazi, maana ankara ya mtu asiyesajiliwa haiingii kwenye mfumo na siku 60 zako hazianzi. Dai LPO yenye namba, uiandike juu ya ankara. Kisha weka ile bei ya juu, ya Sh 5,300,000, tangu mwanzo, kabla bajeti haijasainiwa. Wakikataa na hiyo, mimi huwa naaga kwa adabu na kurudi kwenye makala zangu za gazetini, zinazolipa kidogo, lakini mwisho wa mwezi.