Bili ya Hospitali: Wacha Kulia Kwa Barua, Weka Namba

Wasee, leo nitasema kitu na najua kuna mtu ataniita mtu asiye na roho. Barua nyingi tunazoandikia hospitali kuomba kulipa bili polepole ni kilio kitupu. Kurasa mbili za "sisi ni familia maskini", "Mungu atawabariki", "tafadhali mtuangalie kwa jicho la huruma", halafu hakuna mahali mtu ameandika atalipa ngapi na lini. Yule jamaa wa ofisi ya fedha akimaliza kusoma hana kitu ya kukubali. Hawezi andika "sawa" mbele ya machozi. Anaweza andika "sawa" mbele ya namba.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, na kwa familia yetu hiyo ndiyo inamaanisha niko na wakati, so kila barua inanijia. Ya mwisho ilikuwa ya anti yangu. Aligongwa na bodaboda akivuka barabara, mfupa wa paja ukavunjika, akafanyiwa operesheni ya kuwekwa chuma ndani. Hospitali ya kibinafsi, sitaitaja. Bili yote ikafika 427,000. SHA ikalipa 118,000, dipoziti ya siku ya kuingia ilikuwa 60,000, na mchango wa familia ukaleta 72,000. Salio likabaki 177,000, na anti alikuwa ameshaambiwa na daktari aende nyumbani, lakini bado amekaa kwa kitanda.

Binamu yangu, kijana wake, akaitwa ofisini. Wakamwambia atalipa kwa miezi sita, yaani 29,500 kila mwezi. Na jamaa alikuwa karibu kusaini! Huyu ni msee anauza chaja na vifuniko vya simu kwa kibanda. Nikamuuliza, mwezi mbaya unabaki na ngapi baada ya kununua stoki? Akasema kama 24,000. Sasa niambie, unaahidi vipi 29,500 kutoka kwa 24,000? Lakini ukiwa pale, mama yako amelala juu hapo, mtu na kalamu mbele yako, unaweza saini kitu chochote. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Ahadi kubwa inakutoa hospitalini leo na inakurudisha kwa deni mwezi wa pili, safari hii ukiwa umeshaonekana mwongo.

Kabla ya barua tulifanya kitu kimoja: tuliomba bili yenye kila kitu kimeandikwa peke yake, sio ile karatasi ya jumla. Hiyo ni haki yako kuuliza, na ukiuliza kwa adabu wanaprinti. Tukakaa nayo kwa benchi. Siku za kitanda zilikuwa 13, na daktari alimwandikia ruhusa siku ya 11. Siku mbili za mwisho anti alikuwa anangoja pesa, hangoji matibabu, na bado anachajiwa 4,500 kwa siku. Tukaenda na ile karatasi ya daktari yenye tarehe, tukauliza polepole, wakatoa 9,000. Salio likawa 168,000. Angalia pia kama pesa ya SHA imeshatolewa au bado inaonyesha sufuri, na kama dipoziti yako iko. Hii unafanya kabla ya kuandika, juu barua ikishasema "tunakubali deni ni hili", kurudi nyuma ni ngumu.

Halafu namba. Hapa ndipo nilikosana na binamu kidogo. Yeye alitaka tutumie mwezi wake mzuri, ule wa 31,000, ndiyo tuonekane tuko serious. Mimi nikakataa. Tukachukua mwezi mbaya, 24,000. Kodi ya nyumba 6,500, chakula 7,000, stima na maji 1,000, mazoezi ya mguu na dawa za anti 2,000, SHA yake mwenyewe 300. Hiyo ni 16,800, anabaki na 7,200. Sasa usitoe yote 7,200 kwa hospitali, kwa sababu kuna mwezi kibanda kitafungwa na askari wa kaunti au simu itaibiwa. Akaahidi 6,000. Dada yake, anafanya kazi saluni, akaweka 4,000. Mjomba akatuma 18,000 ya kuanzia. Ukitoa hiyo, inabaki 150,000, na kwa 10,000 kila mwezi ni miezi 15. Namba ikaingia vizuri bila kulazimisha.

Barua tuliandika kwa Kiingereza, si mnajua ofisi zetu, lakini ilisema hivi:

"Kwa Meneja wa Fedha. Kuhusu: ombi la kulipa salio la shilingi 168,000 kwa awamu. Mimi ni mwana wa mgonjwa ambaye jina na nambari yake ya hospitali ziko hapo juu. Alifanyiwa upasuaji wa paja hapa kwenu na daktari ameshamruhusu kwenda nyumbani. Baada ya malipo ya SHA, dipoziti na mchango wa familia, salio ni shilingi 168,000, na tunalikubali deni hili. Naomba kulipa 18,000 leo, kisha 10,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, kwa miezi 15. Mimi nitatoa 6,000 na dada yangu 4,000. Nimeambatanisha taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi mitatu, kopi za vitambulisho vyetu, na barua ya dada yangu akikubali kuwa mdhamini. Kukitokea mwezi wenye shida nitawaandikia kabla ya tarehe ya kulipa. Naomba mnijibu kwa maandishi, na mgonjwa aruhusiwe kuondoka baada ya malipo ya leo."

Basi. Haijafika nusu ukurasa. Hakuna mahali tumesema sisi ni maskini, taarifa ya M-Pesa inasema hiyo yote vizuri kuliko sisi. Na ile tarehe 5 haikutoka hewani. Mauzo ya kibanda hupanda mwisho wa mwezi watu wakilipwa, na dada pia hulipwa hapo. Ukiweka tarehe 25 kwa sababu inasikika vizuri, unajitega.

Kitu ingine, na hii watu wengi wanachanganya: kuomba kusamehewa sehemu ya bili na kuomba kulipa polepole ni maombi mawili tofauti. Kwa hospitali za serikali, msamaha unapitia kwa afisa wa ustawi wa jamii, yule anakaa na familia, anauliza mnaishi aje, ndiyo anapendekeza. Awamu ni mambo ya ofisi ya fedha. Ukiweka yote kwa barua moja, kila ofisi inangoja ingine. Kama hali ni ngumu kabisa, anza na afisa wa ustawi, kitakachobaki ndicho uombee awamu. Sisi tulikuwa kwa hospitali ya kibinafsi, msamaha hatukuuliza.

Tukapeleka kopi mbili. Moja wakabaki nayo, ingine wakagonga muhuri wa kupokea na tarehe. Mlinzi alisema tumwachie barua atapeleka, tukamwambia asante, tutangoja. Baada ya masaa matatu jibu likaja: wanataka miezi 12, yaani 12,500. Binamu akaniangalia. Hapo ndipo hesabu yako inakusaidia, juu yeye hakuanza kubembeleza. Alionyesha ile karatasi ya 7,200, akasema, "Nikisaini 12,500, mtaniona hapa mwezi wa tatu nikiwa na hadithi." Yule mama wa fedha alicheka kidogo, akaenda kuongea na bosi wake, akarudi na miezi 15 na sharti moja, dada asaini kama mdhamini mbele yao. Akatoka saluni akakuja.

Halafu wanakupea fomu yao. Msisaini mkiwa mmesimama. Ile ya kwetu ilikuwa na mstari kwamba ukikosa awamu moja, deni lote linadaiwa mara moja. Tuliomba waongeze kwa kalamu kwamba kuna siku 14 za kulipa iliyochelewa, na pande zote zikaweka sahihi pembeni ya hayo maneno. Wengine huomba hundi za tarehe za mbele. Kama mjomba wako ana kitabu cha hundi na hana uhakika pesa itakuwepo, asitoe. Hundi ikirudi kwa kukosa pesa inaweza kumfikisha kortini, na hapo deni la hospitali linakuwa shida ndogo.

Sasa kuna wale wataniambia, kwani si korti ilisema hospitali haiwezi kuzuia mgonjwa? Ilisema, ndiyo. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu Nairobi iliamua hivyo kwa kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu ya bili. Na mimi nakubaliana nayo mia kwa mia, mtu sio logbuku ya gari uweke kwa droo. Lakini ile kesi haikufuta madeni ya watu, na hakuna sheria inalazimisha hospitali kukubali awamu zako. Kwa hivyo kumbuka hiyo haki, itaje kwa utulivu wakikataa kabisa kumwachilia mgonjwa, lakini usiifanye aya ya kwanza ya barua ya kuomba kitu. Ofisi ya fedha ikiona harufu ya korti, barua inatumwa kwa wakili wao na inakaa huko.

Kulipa nako kuna mtego mdogo. Ukituma kwa M-Pesa, pale kwa nambari ya akaunti weka ile nambari ya mgonjwa iliyo kwa bili, sio jina la anti, sio nambari yako ya simu. Ukikosea hapo pesa inafika hospitali lakini haifiki kwa deni lako, na miezi miwili baadaye unapigiwa simu ukiambiwa hujalipa. Binamu huweka zile meseji, na kila miezi mitatu anaomba wamprintie salio. Mwezi wa nne kulikuwa na mvua, kibanda kikafungwa wiki nzima. Tarehe 2 akaandika barua ya mistari minne, akalipa 6,000 badala ya 10,000, na akasema 4,000 itakuja tarehe 15. Ilikuja tarehe 14. Hakuna mtu alimpigia.

Anti anatembea na mkongojo mmoja sasa. Salio mwezi huu ni 90,000.